Hatari tatu za ukaguzi: zipi ni za kampuni na ipi ni ya mkaguzi

Swali: "Ninasoma uhasibu, mwaka wa pili. Fomula ya hatari ya ukaguzi nimeikariri, lakini siielewi. Kama mkaguzi anataka hatari iwe ndogo, kwa nini tunaambiwa kwamba udhibiti wa kampuni ukiwa mzuri, hatari ya kutogundua inaweza kuachwa iwe kubwa? Na hizo asilimia anazozizidisha huwa anazitoa wapi?"

Jibu:

Chanzo cha utata wako, kwa maoni yangu, ni jinsi fomula yenyewe inavyoandikwa. Hatari tatu zimepangwa bega kwa bega na kuunganishwa kwa alama ya kuzidisha, na msomaji anazichukulia kuwa ndugu wa tumbo moja. Sivyo zilivyo. Mbili za kwanza, yaani hatari asilia na hatari ya udhibiti, ni za kampuni inayokaguliwa: zilikuwapo kabla mkaguzi hajabisha hodi, na zingekuwapo hata kama asingekuja kabisa. Ya tatu, hatari ya kutogundua, ndiyo pekee iliyo ya mkaguzi, kwa kuwa inatokana na maamuzi yake kuhusu aina ya kazi atakayoifanya, wakati atakaoifanya na kiasi atakachokifanya. Mkaguzi hawezi kuipunguza hatari asilia wala hatari ya udhibiti. Anaweza tu kuzipima, na akizipima vibaya zitabaki vilevile zilivyo. Anachoweza kukisogeza juu au chini ni hatari ya kutogundua peke yake.

Jina "hatari ya ukaguzi" nalo lina maana moja tu hapa. Ni uwezekano kwamba mkaguzi atatoa maoni safi juu ya taarifa za fedha ambazo, kwa kweli, zina upotoshaji mkubwa. Haihusu kampuni kufilisika, wala mkaguzi kushtakiwa, wala wizi mdogo ambao hautambadilishia mtu uamuzi. Upotoshaji huitwa mkubwa pale ambapo, kwa kiasi chake au kwa aina yake, unaweza kumfanya anayezitegemea taarifa hizo aamue tofauti na ambavyo angeamua kama angeujua ukweli. Viwango vya Kimataifa vya Ukaguzi vinamtaka mkaguzi aishushe hatari hii hadi kiwango kidogo kinachokubalika, bila kutaja asilimia. Katika kufundishia hutumika mara nyingi 5%, nami nitaitumia hiyo.

Hatari asilia ni uwezekano wa dai fulani ndani ya taarifa za fedha kukosewa kwa kiasi kikubwa, kabla ya kufikiria udhibiti wowote uliowekwa. Ninakuomba utue kidogo kwenye neno "dai", kwa sababu wanaoanza hulipita haraka. Uongozi unapoandika kwamba kampuni ina stoku ya thamani fulani, unadai mambo kadhaa kwa wakati mmoja: kwamba bidhaa hizo zipo, kwamba ni mali ya kampuni, kwamba hakuna zilizoachwa nje ya hesabu, na kwamba thamani iliyoandikwa ni sahihi. Kila dai lina hatari yake. Kwa hiyo anayesema "kampuni hii ina hatari asilia kubwa" hajasema jambo linaloweza kutumika katika kupanga kazi. Inabidi aseme ni tarakimu ipi na ni dai lipi. Kiwango namba 315 kinataja mambo yanayoifanya hatari hii ipande: ugumu wa jambo lenyewe, kutegemea maoni ya mtu badala ya kipimo, mabadiliko, kutokuwa na uhakika, na uwezekano wa uongozi kuegemea upande unaoupenda au wa udanganyifu kufanyika.

Hatari ya udhibiti ni uwezekano kwamba upotoshaji ukishatokea, mifumo ya ndani ya kampuni haitauzuia, wala haitaugundua na kuusahihisha kwa wakati. Haiwi sifuri kamwe. Watu huchoka, watu wawili wanaotakiwa kuchungana huweza kula njama, na meneja mwenye madaraka huweza kuuruka utaratibu alioutunga mwenyewe. Hatari ya kutogundua, kwa upande wake, ni uwezekano kwamba upotoshaji uliopita katika hatua hizo mbili hautanaswa na taratibu za mkaguzi. Nayo inaweza kupunguzwa tu, haiwezi kufutwa.

Sasa fomula:

```
AR = IR × CR × DR
```

AR ni hatari ya ukaguzi, IR ni hatari asilia, CR ni hatari ya udhibiti, na DR ni hatari ya kutogundua. Ikisomwa hivyo, mtu hudhani kwamba mkaguzi anakusanya namba tatu ili apate ya nne. Kazini fomula hii husomwa kinyume. AR mkaguzi ameshaiamua kabla ya kuanza. IR na CR amezipima kwa kuifahamu kampuni. Kinachobaki kutafutwa ni kimoja:

```
DR = AR / (IR × CR)
```

Hapo ndipo penye jibu la sehemu ya kwanza ya swali lako. AR haibadiliki, inabaki 5%. Kadiri zao la IR na CR linavyopungua, ndivyo DR inavyoruhusiwa kupanda bila AR kuongezeka. Mkaguzi hapendi hatari ya kutogundua iwe kubwa. Anaikubali kwa sababu makosa yanayofika kwenye vitabu vya kampuni hiyo ni machache, na wavu wenye matundu mapana kidogo unatosha kuifikisha hatari ya mwisho mahali palepale. Udhibiti ukiwa mbovu, makosa yanayofika ni mengi, na wavu lazima uwe na matundu madogo. DR, kwa hiyo, haielezi hali ya kampuni hata kidogo. Ni ruhusa ambayo mkaguzi anajipa baada ya kuitazama hali hiyo, na ruhusa hiyo hugeuka kuwa kazi halisi: sampuli ya ukubwa fulani, itakayochunguzwa siku fulani, kwa njia fulani.

Nitakuonyesha jinsi inavyogeuka kuwa kazi kwa mfano mmoja wa kubuni, nikiufuata hadi mwisho. Kampuni inaagiza vipuri vya mashine na kuvisambaza kwa wateja. Mwisho wa mwaka mizania yake inaonyesha stoku ya milioni 600. Mkaguzi ameamua kwamba kosa la hadi milioni 20 katika stoku linaweza kuvumilika; likizidi hapo, hawezi kusema kwamba tarakimu hiyo iko sawa. Nitayatazama madai mawili tu: kwamba vipuri vipo, na kwamba thamani yake ni sahihi.

Kuhusu kuwapo kwa vipuri, mkaguzi anapima hatari asilia kuwa 50%. Vipuri vingi ni vidogo, vinauzika haraka mitaani na vinaweza kutoka ghalani mfukoni mwa mtu, lakini kuvihesabu hakuhitaji utaalamu wa pekee. Kisha anautazama udhibiti. Kila kipuri kinachotoka ghalani kinatakiwa kiwe na hati ya kutolea bidhaa, isainiwe na mtunza ghala, kisha isainiwe tena na mtu mwingine asiye chini yake, langoni, baada ya kulinganisha mzigo na hati. Utaratibu huo umebuniwa vizuri. Mkaguzi anaufuata kwa mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho na kuona kwamba kweli upo. Anakadiria kwamba, ukithibitika kufanya kazi mwaka mzima, hatari ya udhibiti ingekuwa 40%. Hesabu yake ya awali ni hii:

```
DR = 0.05 / (0.50 × 0.40) = 0.25
```

Yaani anaweza kukubali uwezekano wa 25% kwamba hesabu yake mwenyewe ya stoku isilinase kosa kubwa lililomo. Ili kugeuza 25% hiyo kuwa idadi ya vitu vya kuhesabu, wakaguzi wanaochagua sampuli kwa kufuata thamani ya fedha, ambapo kipuri cha thamani kubwa kina nafasi kubwa zaidi ya kuchaguliwa, hutumia kigezo cha uhakika kinachotokana na DR. Pale mkaguzi asipotarajia kukuta kosa, kigezo hicho ni logi asilia ya DR yenye alama iliyogeuzwa: kwa DR ya 25% ni karibu 1.39, kwa 10% ni karibu 2.3, na kwa 5% ni karibu 3.0. Ukubwa wa sampuli hupatikana kwa kugawa thamani ya kitabuni kwa kosa linalovumilika, kisha kuzidisha kwa kigezo hicho. Kwetu, milioni 600 kwa milioni 20 ni 30, na 30 mara 1.39 ni karibu vitu 42. Kwa kuwa anautegemea udhibiti, anapanga pia kuhesabu mwezi mmoja kabla ya mwisho wa mwaka, wakati ghala halina pilikapilika, kisha kufuatilia mapokezi na mauzo ya mwezi uliobaki.

Mpango huu, hata hivyo, umesimama juu ya 40% ambayo bado haijathibitishwa. Kiwango namba 315, kama kilivyorekebishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika kwa vipindi vya hesabu vilivyoanza tarehe 15 Desemba 2021 au baadaye, kinataka hatari asilia na hatari ya udhibiti zipimwe kila moja peke yake, na kinasema wazi kwamba mkaguzi asipokusudia kupima kama udhibiti unafanya kazi, hatari ya upotoshaji mkubwa inabaki sawa na hatari asilia. Katika lugha ya fomula yetu, hapo CR ni 100%. Huwezi kuishusha kwa sababu mhasibu mkuu ni mtu makini au kwa sababu mwongozo wa taratibu umeandikwa vizuri. Unaishusha kwa kuupima udhibiti wenyewe, na hili ndilo jambo ambalo wanaoanza hulikosea kuliko yote: huusoma mwongozo, huupenda, na kuandika "udhibiti imara" kabla hawajashika hati hata moja.

Mkaguzi wetu anachukua hati 25 za kutolea bidhaa zilizosambaa mwaka mzima. Katika 21 hakuna tatizo. Mbili hazina saini ya langoni. Mbili zilizobaki zina saini zote mbili, na mtu mwenye haraka angezipitisha. Lakini mkaguzi anazilinganisha na orodha ya mahudhurio na kukuta kwamba mwenye saini ya langoni alikuwa likizo siku hizo. Maana yake saini ziliwekwa baadaye, pengine kwa mkupuo, na mzigo haukulinganishwa na kitu chochote. Hapa ndipo ujuzi wa kupima udhibiti unapoonekana. Swali linaloulizwa ni kama tendo ambalo saini inalishuhudia lilifanyika kweli, na mtu anayehakiki tu kwamba pale kwenye mstari pana wino hajalijibu swali hilo.

Hitilafu 4 katika hati 25 ni 16%. Mkaguzi alikuwa amepanga kutokubali hata moja katika sampuli ndogo kama hiyo. Anaweza kuuliza kama upo udhibiti mwingine unaoziba pengo hilo, na akiukuta aupime nao. Kwetu haupo. Basi CR inarudi 100%, na hesabu inaandikwa upya:

```
DR = 0.05 / (0.50 × 1.00) = 0.10
```

Kigezo sasa ni 2.3, na sampuli inapanda kutoka vitu 42 hadi 69. Kosa ambalo nimeliona likifanywa ni kuongeza vile vitu 27 na kuacha mengine yote yalivyokuwa. Kuhesabu mwezi mmoja kabla kulikubalika tu kwa sababu mkaguzi aliamini kwamba mapokezi na mitoko ya mwezi wa mwisho ingerekodiwa vizuri. Imani hiyo imekwisha, kwa kuwa hati za kutolea bidhaa ndizo zilizoshindwa. Sasa hesabu inapaswa kuhamia siku ya mwisho ya mwaka au karibu nayo sana, vinginevyo anavihesabu vipuri kwa uangalifu leo na kuziacha siku 30 zinazofuata mikononi mwa mfumo alioukuta mbovu. Hatari ya kutogundua ina mikono mitatu, yaani aina ya kazi, wakati wake na kiasi chake. Fomula inakuonyesha kiasi tu. Hiyo mingine miwili inakuachia wewe.

Tuje kwenye dai la pili, la thamani. Vipuri vilevile, ghala lilelile, lakini picha ni nyingine kabisa. Baadhi ya vipuri ni vya mashine ambazo watengenezaji wameacha kuziunda. Vipo, vinahesabika, vinang'aa kwenye rafu, lakini huenda hakuna atakayevinunua kwa bei iliyolipwa kuviagiza. Kanuni za uhasibu zinataka stoku ionyeshwe kwa gharama yake au kwa thamani inayotarajiwa kupatikana ikiuzwa, baada ya kutoa gharama za kuiuza, ile iliyo ndogo kati ya hizo mbili. Thamani hiyo ya kuuza ni makadirio. Tuongeze kwamba marupurupu ya uongozi yanafuata faida ya mwaka, na kila kipuri kinachoshushwa thamani kinaipunguza faida hiyo. Maoni, kutokuwa na uhakika, mabadiliko na sababu ya kuegemea upande mmoja, yote yamekutana kwenye dai moja. Mkaguzi anaipima hatari asilia kuwa 100%, kwa maana ya kujiweka mahali salama zaidi kwenye kipimo. Udhibiti uliopo ni kikao cha robo mwaka kisicho na kumbukumbu zilizoandikwa, na kwa kuwa hauna kinachoweza kupimwa, CR nayo ni 100%.

```
DR = 0.05 / (1.00 × 1.00) = 0.05
```

Kigezo ni 3.0, na sampuli ni vitu 90. Mtu akiishia kwenye namba hiyo, akaenda ghalani kuvihesabu vitu 90 na kuvikuta vyote, hatari ya kutogundua juu ya thamani haijapungua hata kidogo. Kuhesabu kunathibitisha kuwapo, hakuthibitishi thamani. Kwa dai hili kazi inayofaa ni nyingine: kuangalia tarehe ya mwisho ambayo kila kipuri kwenye sampuli kiliuzwa, kutafuta ankara za mauzo ya baada ya mwisho wa mwaka ili kuona bei iliyopatikana kweli, na kuyachukua makadirio ya mwaka uliopita na kuyalinganisha na kilichotokea baadaye. Hilo la mwisho ninalithamini sana. Iwapo uongozi ulisema mwaka jana kwamba vipuri fulani vitauzwa ndani ya miezi 6, na leo bado vipo kwenye rafu ileile, umepata ushahidi juu ya tabia ya wanaokadiria, ambao hesabu yoyote ya ghalani isingeweza kukupa.

Ndiyo sababu hatari ya kutogundua hugawanywa katika sehemu mbili. Moja inatokana na kuchukua sampuli: uliyochunguza huenda isifanane na uliyoiacha. Hii inapungua ukiongeza idadi, na ndiyo pekee inayosemwa na vigezo vya 1.39, 2.3 na 3.0. Nyingine haitokani na sampuli: umechagua utaratibu usiofaa, au umeutumia vibaya, au umeliona kosa usilitambue kuwa ni kosa. Hii haipungui hata ukichunguza kila kitu kilichomo ghalani. Nilipokuwa mkaguzi mdogo nilipewa kazi ya kuhesabu maboksi katika ghala moja, nikayahesabu yote, moja baada ya jingine, na idadi ikalingana na vitabu hadi boksi la mwisho. Sikufungua hata moja. Msimamizi wangu alipokuja kuipitia kazi aliuliza nimejuaje yaliyomo ndani, na sikuwa na la kujibu. Tulirudi, tukafungua, na kwenye safu za nyuma tukakuta maboksi yaliyojaa sehemu za zamani zilizorudishwa na wateja. Hatari iliyotokana na sampuli katika kazi yangu ilikuwa sifuri, kwa kuwa nilihesabu yote. Hatari ya kutogundua ilikuwa kubwa hata hivyo.

Sasa nijibu kuhusu mahali zinapotoka asilimia. Zinatoka katika uamuzi wa mkaguzi, na ni lazima niliseme hili bila kulifunika, kwa sababu fomula huzivika namba vazi la vipimo vya maabara. Hakuna chombo kinachopima kwamba hatari asilia ya kuwapo kwa vipuri ni 50% na si 55%. Mkaguzi huzungumza na watu wa kampuni, husoma mikataba na kumbukumbu za vikao, huilinganisha miaka, huingia ghalani, kisha huamua dai hilo liko wapi kwenye kipimo kinachoanzia chini na kuishia juu. Madai yaliyo karibu na kilele cha kipimo hicho huitwa hatari zenye uzito wa pekee na yana masharti yake makali zaidi. Ofisi nyingi hazitumii asilimia kabisa. Huandika "juu", "kati" na "chini" katika jedwali linaloonyesha, kwa mfano, kwamba hatari asilia ya juu pamoja na udhibiti usiopimwa vinadai hatari ya kutogundua ya chini kabisa. Jedwali hilo ni fomula ileile iliyovuliwa namba. Wewe mwanafunzi utatakiwa kuzitumia namba, na ni sawa, kwa kuwa zinaonyesha vizuri upande ambao kila kitu kinaelekea kikisukumwa. Ila usichukulie kwamba tofauti kati ya vitu 42 na 44 ina maana yoyote.

Kuzidisha nako kuna mipaka yake. Fomula inachukulia kwamba hatari asilia na hatari ya udhibiti hazihusiani, ilhali mara nyingi zinahusiana. Penye kishawishi kikubwa cha wizi, kampuni huweka ulinzi mkali zaidi. Na mambo magumu kuyahesabu ndiyo pia magumu kuyadhibiti. Mpaka wa pili unaonekana ukiweka namba ndogo pande zote mbili. Chukua IR ya 20% na CR ya 20%:

```
DR = 0.05 / (0.20 × 0.20) = 1.25
```

Hakuna uwezekano wa 125%. Kihesabu, fomula inakuambia kwamba huna haja ya kuichunguza tarakimu hiyo yenyewe hata kidogo. Kiwango namba 330 kinalikataa hilo: kwa kila kundi kubwa la miamala, salio kubwa au maelezo makubwa, mkaguzi lazima afanye uchunguzi wa tarakimu zenyewe, hatari iwe imepimwa kuwa ndogo namna gani. Sababu yake ni ya kiutu kabisa. Upimaji wa IR na CR ni maoni ya mtu, na mtu anaweza kukosea pande zote mbili kwa wakati mmoja. Kwa stoku iliyo kubwa kuna sharti la ziada katika kiwango namba 501, kwamba mkaguzi ahudhurie uhesabuji wa bidhaa pale inapowezekana. Kwa hiyo hata kama udhibiti wa lango ungethibitika kuwa imara, mkaguzi wetu asingeweza kubaki ofisini.

Mpaka wa mwisho ndio unaowasumbua wengi wanapofika kazini. Fomula hii ni ya kupangia kazi. Kazi ikishafanyika na makosa yakaonekana, hairudiwi tena kwa kuingiza matokeo ndani yake. Turudi kwenye vile vitu 69. Kila kimoja kilichochaguliwa kinawakilisha fungu la karibu milioni 8.7, ambalo ni milioni 20 kugawanya kwa 2.3. Tuseme 68 vimekutwa na kimoja hakipo kabisa. Kile kigezo cha 2.3 kilichukulia kwamba hakuna kosa litakaloonekana; likionekana moja, kwa DR ileile ya 10%, kigezo kinakuwa karibu 3.9. Mara milioni 8.7, kosa kubwa zaidi linaloweza kuwamo linakadiriwa kuwa karibu milioni 34, nayo ni zaidi ya milioni 20 zinazovumilika. Kipuri kilichokosekana chenyewe huenda kina thamani ndogo tu, na uongozi utamwambia mkaguzi kwamba ni kitu kimoja na wako tayari kukifuta vitabuni.

Kukifuta hakumalizi jambo, kwa sababu kipuri hicho kinasimama badala ya mafungu ambayo hayakuchunguzwa. Mkaguzi anatafuta kwanza sababu. Akikuta kwamba kiliuzwa siku ya mwisho ya mwaka na ankara ikaandikwa siku iliyofuata, hilo ni kosa la kukata kipindi, na anakwenda kuzichunguza hati zote za siku zile chache kabla na baada ya mwisho wa mwaka. Akikuta kwamba kilitoka kwa mojawapo ya hati zisizo na saini ya kweli ya langoni, anajua kwamba mlango alioukuta wazi wakati wa kupima udhibiti umekwisha kupitisha kitu, na ataipanua hesabu kwenye aina zote za vipuri vinavyobebeka kirahisi, au ataiomba kampuni ihesabu ghala zima upya mbele yake. Katika hali zote mbili anarudi kwenye karatasi zake za kazi, mahali alipoandika kwamba hatari asilia ya kuwapo kwa vipuri ni 50%, na kujiuliza kama, kwa aliyoyaona sasa, angeiandika namba hiyo tena.